Aliyeuawa Anaingia Lini Katika Kisa Chake?

«Mimi na mume wangu hupenda kutazama dokumentari za mauaji ya kweli, na jirani yetu, mama mtu mzima, alikuwa akija kutazama nasi kila Ijumaa usiku. Mwaka jana kijana wake aliuawa. Juzi tulikuwa tumeshawasha, akaingia, akasimama mlangoni kidogo, kisha akarudi kwake bila kuaga. Tangu siku hiyo sijui kama tunachotazama ni elimu au ni kujifurahisha kwa misiba ya watu. Nichague vipi kilicho na heshima, na nitakijuaje kabla sijakimaliza chote?» — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Dada yangu, nianze na kipimo ambacho nimekuwa nikikitumia kwa miaka yote niliyokaa kwenye meza ya uhariri wa picha hapa mjini, kwa kuwa hakihitaji utaalamu wowote zaidi ya kalamu na saa ya simu. Washa sehemu ya kwanza ya mfululizo, na uandike ni dakika ya ngapi unapoambiwa kwa mara ya kwanza jambo lolote kuhusu marehemu lisilohusiana na kifo chake: kwamba alikuwa mwalimu, kwamba alikuwa mkali kwa wadogo zake, kwamba alipenda mpira, kwamba alikuwa na deni dukani. Kisha andika ni dakika ya ngapi unapokuwa umeshaujua uso wa mtuhumiwa, utoto wake na sauti yake. Ukilinganisha dakika hizo mbili utajua watengenezaji walikuwa wakimtazama nani walipokuwa wakipanga kisa, na mara nyingi utalijua hilo kabla nusu saa haijapita.

Watazamaji wengi hupima heshima kwa kiasi cha damu. Maiti ikifunikwa na picha za eneo la tukio zikifichwa, husema mfululizo ule una staha, na damu ikionekana husema watengenezaji walitaka kushtua watu tu. Damu ni dalili, lakini ni dalili ndogo. Zipo kazi zisizo na hata tone moja la damu ambazo ndani yake marehemu ni jina tu, pamoja na picha moja ya kitambulisho inayorudiwa mara ishirini, ilhali muuaji amepewa utoto, mapenzi, majeraha ya moyo na muziki wake mwenyewe. Kazi kama hiyo haimchafui mtazamaji macho, lakini imemnyang'anya marehemu nafasi yake katika habari iliyomhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kosa hili nimelitenda kwa mikono yangu, nami nalieleza kwa sababu litakuonyesha jinsi linavyofanyika. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa nihariri kipindi cha nusu saa kuhusu kijana wa bodaboda aliyeuawa usiku na pikipiki yake ikachukuliwa. Mwandishi aliniletea mahojiano na mama wa yule kijana yenye urefu wa dakika hamsini hivi. Kwa dakika arobaini za mwanzo mama alizungumza polepole, akiwa ameketi kwenye mkeka barazani, kanga begani. Alisema mwanawe alimnunulia jiko la gesi kwa fedha za kwanza alizopata. Alisema pia kwamba kila usiku kijana alipofika kwenye kona ya mtaa alipiga honi mara mbili, fupi fupi, ili mama aanze kutoka kufungua geti asije akakaa nje gizani. Baadaye aliulizwa kuhusu simu aliyopigiwa usiku ule, na hapo ndipo sauti ilipomkatika akalia.

Mimi nilikichukua kile kilio, sekunde kumi na moja, nikakiondoa mahali pake, nikakiweka mwanzo kabisa wa kipindi kabla hata ya jina kutokea, na chini yake nikaweka mdundo wa ngoma. Habari ya honi niliikata, kwa maelezo kwamba haikuwa na nguvu na muda ulikuwa mfupi. Kipindi kiliporushwa, kaka wa yule mama alipiga simu. Hakulalamika kwamba tumemwonyesha dada yake akilia, kwa kuwa msibani watu hulia na hakuna anayeona ni fedheha. Alichosema ni hiki: «Mmemfanya dada yetu aonekane analia tu. Hata hajasema analia kwa ajili ya nani.» Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Tangu hapo, kila ninapotazama kazi ya mtu mwingine, jambo la kwanza ninalolitafuta ni kilio kilichotangulia kabla ya mtu anayeliliwa. Nawe ukikiona, jua kwamba ule uchungu umetumika kama kengele ya kukuita, na uyatazame yanayofuata kwa tahadhari.

Sasa twende kwenye mfululizo ambao huenda mmeshautazama, kwa sababu ndio uliowaleta watu wengi kwenye aina hii ya dokumentari. Making a Murderer ulitolewa na Netflix Desemba 2015, ukiwa na sehemu kumi. Unamhusu Steven Avery, mwanamume wa kaunti ya Manitowoc, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, aliyefungwa kwa shambulio la mwaka 1985 ambalo hakulitenda. Alikaa gerezani miaka 18 hadi vipimo vya vinasaba vilipomsafisha, akaachiwa mwaka 2003. Miaka miwili baadaye alikamatwa tena, safari hii kwa mauaji ya Teresa Halbach, mpiga picha mwenye umri wa miaka 25, ambaye tarehe 31 Oktoba 2005 alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu wa familia ya Avery kupiga picha gari lililokuwa linauzwa. Avery na mpwa wake, aliyekuwa na umri wa miaka 16 wakati huo, walihukumiwa kifungo cha maisha.

Watengenezaji waliifanya kazi hii kwa takriban miaka kumi, na wana hoja nzito. Mfululizo unaonyesha mahojiano ya polisi na yule kijana wa miaka 16, akiwa peke yake, bila mzazi wala wakili, akielekezwa kidogo kidogo kuelekea majibu ambayo wapelelezi walikuwa wakiyataka. Unahoji kwa nini maofisa wa kaunti iliyokuwa inadaiwa fidia na Avery walionekana katika upekuzi wa nyumba yake. Mimi sitasema hata kidogo kwamba habari kama hizo zisitengenezwe. Mtu kufungwa kwa kosa ambalo hakulitenda ni dhuluma kwake, na ni dhuluma pia kwa aliyedhurika, kwa kuwa aliyelitenda anabaki nje. Katika shauri lile la 1985 ndivyo ilivyokuwa, vinasaba vilimwonyesha mtu mwingine.

Lakini chukua kalamu yako uitazame sehemu ya kwanza. Karibu yote ni ya Avery: wazazi wake, ukoo wake, ule uwanja wa magari, kesi ya 1985, miaka ya gerezani, siku ya kurudi nyumbani. Teresa anakuja baadaye kama mtu aliyepotea, na katika sehemu kumi zote tunamjua kwa picha chache, kipande cha video alichojirekodi mwenyewe, na mfupa uliochomwa. Familia yake haikushiriki. Watengenezaji walisema waliialika, nayo ikakataa. Kabla mfululizo haujaanza kuonyeshwa, familia ilitoa tamko fupi ikieleza huzuni yake kwamba miaka kumi baada ya kumpoteza binti na dada yao bado kuna watu na makampuni wanaotengeneza burudani na kutafuta faida kutokana na msiba wao.

Hapa watu wengi hukosea, hata wenzangu wa fani. Husema kwamba familia ilialikwa, ikakataa, basi wajibu umekwisha. Haujakwisha, kwa sababu kukataa kwa familia kunamwongezea mtengenezaji kazi. Ikiwa mama wa marehemu hatasema, bado wapo marafiki, walimu, watu waliofanya naye kazi, barua zake, kazi yake ya mikono, na Teresa alikuwa mpiga picha, kwa hiyo aliacha picha. Tena, upande mmoja ukikosekana mezani, mizani ya ushahidi nayo huelemea. Mfululizo ule uliacha baadhi ya mambo ambayo baraza la wazee wa mahakama liliyasikia. Miongoni mwake ni ushahidi kwamba vinasaba vya Avery vilipatikana kwenye komeo la boneti ya gari la marehemu, na kwamba siku ile alimpigia simu, mara mbili akiwa ameificha namba yake. Pengine mambo hayo yana maelezo, na msimu wa pili, uliotoka 2018, ulilirudia lile la boneti kwa vipimo vya upande wa utetezi. Lakini mtazamaji wa 2015 hakupewa nafasi ya kuyapima.

Matokeo yake yalionekana upesi. Watu zaidi ya laki moja walitia saini ombi kwa Ikulu ya Marekani kutaka wafungwa wale wasamehewe, na Januari 2016 Ikulu ikajibu kwamba Rais hana mamlaka ya kumsamehe aliyehukumiwa kwa kosa la jimbo. Tafakari hali ya mama wa Teresa katika wiki hizo, mamilioni ya watu wasiomjua wakijadili kifo cha bintiye kwa uhakika walioupata kwa saa kumi za kutazama. Ndiyo maana nakushauri kwamba mfululizo wowote unaokutia hamu ya kutoa hukumu kabla ya sehemu ya tatu uusimamishe hapo, ukasome habari moja ya gazeti ya wakati wa kesi yenyewe, iliyoandikwa kabla ya mfululizo kuwepo. Baadhi ya magazeti ya huko yanasomeka mtandaoni. Ukikuta humo jambo kubwa lililosemwa mahakamani ambalo mfululizo haukuligusa, umeshajua ulipokatwa.

Kando ya huo, weka mfululizo mwingine, The Keepers, wa sehemu saba, ulioongozwa na Ryan White na kutolewa Mei 2017, pia na Netflix. Huu unamhusu Sista Cathy Cesnik, mtawa mwenye umri wa miaka 26 aliyewahi kufundisha Kiingereza katika shule ya wasichana ya Archbishop Keough mjini Baltimore. Alitoweka Novemba 1969, na mwili wake ukapatikana Januari 1970. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Wanaokishika kisa mkononi tangu mwanzo ni wanafunzi wake wa zamani, wanawake waliokwisha kustaafu, na wawili kati yao, Gemma Hoskins na Abbie Schaub, wanapekua makaratasi na kupiga simu wakiwa nyumbani kwao. Kabla hujajua lolote la maana juu ya kifo chake, umeshajua kwamba Sista Cathy alipiga gitaa na kwamba wasichana walimpenda.

Kutokana na hao wanafunzi, kisa kinageuka taratibu. Wanawake waliokuwa wasichana wa shule ile wanaeleza jinsi padri mlezi wa shule alivyowadhalilisha kingono, na wanadai Sista Cathy alikuwa ameanza kujua. Padri huyo alikana hadi alipofariki mwaka 2001. Angalia walivyohojiwa: kamera inakaa mahali pamoja, mwanamke anamaliza sentensi yake, ananyamaza, na ule ukimya haujajazwa muziki. Mwenye uchungu ndiye anayeamua aseme hadi wapi. Mambo yanayosimuliwa humo ni mazito kuliko ya Making a Murderer, na mengine yatakunyima usingizi, kwa hiyo si kazi ya kutazamwa na watoto wala ya kuiwasha ovyo. Hata hivyo ukinitaka niseme ni upi kati ya hiyo miwili unaomheshimu aliyekufa, sitasita. Nao pia una kasoro yake. Katika sehemu za baadaye unawafuata watu kadhaa wanaoshukiwa kumwua Sista Cathy, unawataja kwa majina na kuwahoji jamaa zao, bila ushahidi wa kufikisha mahakamani, na hao nao wana watoto na wajukuu.

Hilo linanikumbusha jambo ambalo sisi hapa nchini tunalisahau tunapobishana kwenye makundi ya simu. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa hadi itakapothibitika kwamba ana hatia. Mfululizo unaohusu kesi ambayo haijaamuliwa una wajibu huo huo kwa mtazamaji wake, na namna ya kuona kama unautimiza ni kusikiliza maneno. Angalia kama msimulizi anasema «anatuhumiwa» au «muuaji», na kama wakili wa utetezi amepewa nafasi ya kujibu jambo lile lile lililosemwa dhidi ya mteja wake, au amewekewa tu kipande akisema kwamba hana la kusema.

Sasa nikupeleke ndani ya chumba chetu cha uhariri, kwa kuwa kuna jambo ambalo jicho la kawaida halilioni. Mwaka 2015 kituo cha HBO kilionyesha The Jinx, sehemu sita za Andrew Jarecki kuhusu tajiri wa New York, Robert Durst, aliyehusishwa na vifo vya watu watatu. Durst mwenyewe alikubali kuhojiwa. Mwishoni mwa mahojiano ya mwisho anakwenda msalani akiwa bado amevaa kipaza sauti, na tunamsikia akijisemea, kwa tafsiri yangu, «Nimefanya nini mimi? Nimewaua wote, bila shaka.» Mfululizo unaishia hapo. Dunia ilishtuka, na siku moja kabla sehemu hiyo haijaonyeshwa Durst alikuwa ameshakamatwa.

Mwaka 2019 maandishi kamili ya sauti ile yalijulikana kupitia mahakama. Yalionyesha kwamba sentensi hizo mbili hazikufuatana. Ile ya kuua ilitamkwa kwanza, kisha yakaja maneno mengine kadhaa yasiyohusiana nayo moja kwa moja, na ndipo baadaye akasema, «Nimefanya nini mimi?» Mhariri alizitoa zilikokuwa, akazigeuza, akazibandika zikawa swali na jibu. Durst alitiwa hatiani Septemba 2021 kwa kumwua rafiki yake Susan Berman, akafariki akiwa mfungwa Januari 2022, kwa hiyo siwezi kusema kwamba uhariri ule ulimtwika kosa mtu asiye na hatia. Nisemacho ni kwamba nilipousoma ule mpangilio halisi niliona mikono ya mtu wa kazi yangu, ikifanya nilichokifanya mimi kwa kilio cha yule mama: kuchukua sauti ya kweli na kuipa maana kwa kuihamisha. Kila neno lilikuwa lake, lakini mpangilio haukuwa wake.

Wewe huna maandishi ya mahakama, lakini unaweza kuushuku mkasi. Mtu anapozungumza, tazama mdomo wake. Sentensi nzito ikianzia usoni na kumalizikia kwenye picha nyingine, kama vile barabara, mti au mikono, huenda imeunganishwa kutoka sehemu mbili tofauti. Mara nyingi hufanywa kwa nia njema, kufupisha maneno au kuondoa kikohozi. Lakini sentensi inayobeba hatima ya mtu, kama kukiri, kumtaja mtu au kumsamehe, inastahili kuonekana usoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vilevile, igizo la tukio likija, angalia kama kuna maandishi yanayosema kwamba ni igizo, na kama linaonyesha kitu ambacho shahidi alikiona kweli. Igizo la dakika za mwisho za marehemu, ambazo hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa muuaji, limetungwa, au limechukuliwa kutoka kwa muuaji mwenyewe.

Kuna mkanganyiko mmoja nisioupa nafasi kubwa, ila lazima niutaje, kwa kuwa huduma za kutazama huvipanga vitu hivi kwenye safu moja. Tamthilia iliyotokana na kisa cha kweli si dokumentari, hata majina yakiwa halisi. Septemba 2022 Netflix ilitoa tamthilia kuhusu Jeffrey Dahmer, aliyewaua wavulana na wanaume 17 nchini Marekani kati ya 1978 na 1991. Ndani yake kuna onyesho la dada wa mmoja wa waliouawa akimkabili muuaji mahakamani mwaka 1992, mwigizaji akiwa amevaa kama yeye na kusema maneno yake karibu neno kwa neno. Dada huyo alieleza hadharani kwamba hakuna aliyemwuliza wala kumjulisha. Kisheria maneno ya mahakamani ni ya wazi na hapakuwa na ulazima wa ruhusa, na ndiyo maana nasema usiridhike na kusikia kwamba sheria haikuvunjwa.

Basi utajuaje nani aliulizwa? Kabla hamjawasha, chukua dakika kumi. Andika kwenye simu jina la marehemu, jina la mfululizo, na neno la Kiingereza la familia, maana habari nyingi za huko zimeandikwa kwa lugha hiyo. Familia zilizoumia husema, na magazeti huandika. Ukikuta malalamiko, soma wanalalamikia nini hasa, kwa sababu yako ya aina mbili. Wapo wanaosema kwamba hawakuulizwa, au kwamba wameonyeshwa mambo waliyoomba yafichwe, na hayo yanatosha kwangu kuuacha mfululizo. Wapo pia wanaosema kwamba hawapendi habari ile isemwe kabisa, na hapo ni lazima nipime, kwa kuwa wakati mwingine anayetaka ukimya ndani ya familia ndiye mwenye la kuficha. Familia haina sauti moja. Mjane atakubali, mama mkwe atakataa, na mtoto aliyekuwa mdogo wakati ule atakuwa na rai yake akikua. Kazi nzuri hukiri kwamba kuna waliokataa na haijifanyi kuwa imepewa baraka na ukoo mzima. Maneno hayo huwekwa mwishoni, baada ya picha ya mwisho, kwa herufi ndogo, wakati huduma yenyewe inakuharakisha kwenda sehemu inayofuata. Izuie, uyasome.

Usidhani pia kwamba ridhaa ya familia inamaliza mambo. Nimeona familia ikiridhia kila kitu katika wiki ya kwanza ya msiba, wakati mtu angeridhia lolote ilimradi asikilizwe, kisha ikajuta. Tazama mahojiano yalifanyika lini. Kamera iliyomkuta mama siku ya tatu, turubai bado limesimama uani, imemkuta akiwa hana nguvu ya kukataa. Iliyorudi baada ya mwaka imempa nafasi ya kuchagua.

Kama mnataka kazi iliyo karibu na kwetu, kuna In the Shadow of the Sun ya mwaka 2012, filamu moja ya Harry Freeland iliyopigwa hapa Tanzania wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino. Ingeweza kujazwa makaburi na waganga. Badala yake inawafuata walio hai: Josephat Torner, ambaye anakwenda katika jamii yalikotokea mauaji kuzungumza na watu ana kwa ana, na kijana Vedastus wa Ukerewe, anayetaka kusoma. Hofu imo ndani yake yote, lakini unaipata kupitia watu wanaopanga maisha yao ya kesho.

Nirudi kwa jirani yako, kwa kuwa naona ndiye aliyekufanya uandike. Hakuna dokumentari, hata iliyo bora, ambayo ningeiwasha mbele ya mama aliyempoteza kijana kwa namna hiyo bila yeye mwenyewe kuitaka. Usimwamulie kwamba hataki, na usimwamulie kwamba itamsaidia. Wapo waliofiwa hivyo ambao hutazama visa kama hivi kwa sababu ndani yake mwisho hujulikana, mtu hukamatwa, hakimu husoma hukumu, jambo ambalo wao hawajalipata. Wapo ambao mlio mmoja wa king'ora unawarudisha kwenye usiku ule. Mwendee mchana, si Ijumaa, uketi naye, umwombe radhi kwa aliyoyakuta mlangoni bila kuyaeleza sana. Mkizungumza, mwulize kuhusu kijana wake kabla hujamwuliza kuhusu runinga. Na akitaka kusimulia alivyokuwa akiingia nyumbani, au alichokuwa akimletea kutoka sokoni, msikilize mpaka amalize.

Nyumba zetu za Tabata zinatazamana, na kwa joto hili madirisha hulala wazi, kwa hiyo anaisikia runinga yenu hata asipokuja. Muziki wa kutisha, mlio wa risasi na kilio cha mwanzo vinavuka ukuta kabla ya maneno. Ijumaa akirudi, wekeni taarabu, mchezo wa kuigiza au mpira, chochote mlichokuwa mkikitazama naye zamani. Hizi nyingine zitazameni siku tofauti, kwa sauti ya chini, na dirisha la upande wake likiwa limefungwa.